Barua ya asante inayomfundisha mteja kubandika chungu

Ukinunua kitu mtandaoni siku hizi, asante hukufikia kabla ya mzigo. Malipo yakishapita tu, barua pepe inaingia: duka linakushukuru, na papo hapo linakuomba nyota tano. Kitu chenyewe bado kiko stoo, hata bodaboda wa kukileta hajaitwa. Sasa mteja asifie nini?

Tuchukue mfano wa duka dogo la Dar es Salaam linalouza vyungu vya Wakisi, vile vinavyofinyangwa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa. Barua yake ya asante ni kama za maduka mengi:

"Mpendwa mteja wetu, tunakushukuru kwa kununua bidhaa yetu bora. Kuridhika kwako ndiyo furaha yetu. Bonyeza hapa utupe nyota 5 upate punguzo la asilimia 10. Tufuate pia Instagram. Tafadhali usijibu barua hii."

Adabu imo, tena ya kutosha. Lakini hakuna hata sentensi moja inayojua kwamba kilichonunuliwa ni chungu. Ukiondoa neno "bidhaa" ukaweka "viatu" au "betri", barua inabaki vilevile. Na chungu si kitu cha kumwachia mtu aliyezoea sufuria ajifunzie mwenyewe. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kioo una vitundu vidogo vinavyonyonya maji. Ukikibandika kikavu juu ya jiko la gesi na moto mkali, kitako kinapata joto na kutanuka upesi huku kuta zikiwa bado baridi. Hapo ufa unaanza, mara nyingi siku ya kwanza kabisa. Mteja atasema ameuziwa chungu kibovu, na kwa anavyojua yeye, amesema kweli.

Kwa hiyo ukiandika barua upya, usianze na maneno ya shukrani. Anza kwa kujiuliza mteja atakosea wapi mara ya kwanza. Kwa chungu, makosa ni matatu: kutokiloweka, kuanza na moto mkubwa, na kumimina maji baridi kikiwa bado cha moto. Lipo na la nne, la kukiosha kwa sabuni, ambayo udongo huinyonya kisha ikarudi kwenye mchuzi. Hilo halivunji chungu, linaharibu chakula tu; sentensi moja inalitosha. Mambo mengine yote, kama historia ya ufinyanzi na picha za duka, yasubiri siku nyingine. Mtu anasoma barua hii kwenye simu, amesimama jikoni.

La pili ni wakati. Risiti iende mara tu malipo yanapoingia, maana mteja anataka kuona namba ya muamala na siku ya kuletewa mzigo. Barua ya asante ni nyingine, nayo itumwe mzigo ukishapokelewa. Programu nyingi za maduka ya mtandaoni zina hali ya "umepokelewa" ambayo unaweza kuifunga na barua ijitume yenyewe. Duka lisilo na programu hiyo lingoje bodaboda apige simu kwamba amekabidhi, kisha mtu atume kwa mkono. Kwa vyungu kumi kwa wiki, hiyo si kazi ya kulalamikia.

Hivi ndivyo barua mpya inavyoweza kusomeka, jina la mteja likishatangulia. Mada yake: Chungu chako kimefika, kiloweke kwanza.

"Habari za leo. Chungu chako cha lita 3 kimefika. Asante kwa kununua kwetu. Usiku huu kizamishe kwenye beseni la maji hadi asubuhi. Ukiona vipovu vinatoka, usishtuke, ni udongo unakunywa.

Kesho kijaze nusu kwa maji uliyoyakoroga na unga kidogo kama uji mwepesi, ukichemshe taratibu kwa moto mdogo. Uji huo unaziba vile vitundu. Umwage, kiache kipoe chenyewe, kisha kisuuze.

Kuanzia hapo pika unachopenda, ila kila mara anza na moto mdogo, uongeze polepole. Ukihitaji kuongeza maji, yawe ya moto. Ukikiepua, kiweke juu ya ubao au kitambaa kikavu, usikiweke juu ya sakafu yenye maji. Kioshe kwa maji ya moto na brashi, bila sabuni.

Ukishapika maharage au samaki wa nazi mara ya kwanza, tungependa kujua yametokaje, na jiko gani ulitumia. Jibu barua hii, tunaisoma sisi wenyewe. Ukipenda na wanunuzi wengine wajue, yaandike hapa, yawe mazuri au mabaya."

Chini ya neno "hapa" kuna kiungo kinachofungua moja kwa moja ukurasa wa kuandika maoni. Kimoja tu. Maduka mengi hukosea hapa kwa kumpeleka mteja ukurasa wa mbele aanze kutafuta, hatafuti, anafunga.

Tazama ombi la maoni limekaa wapi. Limekuja baada ya msaada, tena limefungwa kwenye tendo ambalo mteja atalifanya hata asipoombwa, yaani kupika. Pia linauliza kitu chenye jibu. Ukimwambia mtu "toa maoni yako kuhusu bidhaa" atakuandikia "nzuri sana" na kuondoka. Ukimuuliza jiko na chakula, atakuambia alipika maharage kwa mkaa, yakaiva vizuri, ila mfuniko haukai sawasawa. Maoni ya namna hiyo ndiyo mnunuzi wa kesho anayatafuta, na mfinyanzi naye anapata la kurekebisha.

Lile punguzo la asilimia 10 limeondoka, wala si kwa ubahili. Google hairuhusu maoni yaliyonunuliwa kwa zawadi au punguzo, wala hairuhusu duka kuchuja wateja ili walioridhika tu ndio waombwe kuandika. Amazon nayo mwaka 2016 ilipiga marufuku maoni yanayoandikwa ili kupewa bidhaa bure au kwa punguzo na wauzaji. Ukikamatwa, maoni yanaweza kufutwa, yakiwemo yale ya kweli. Ndiyo maana barua inasema "mazuri au mabaya", na kiungo kinakwenda kwa kila mteja.

"Usijibu barua hii" nayo imetoka. Mtu mwenye chungu chenye ufa akikosa mlango wa kukuambia faraghani, atakwenda kusemea hadharani. Lakini ukifungua mlango huo uwepo mtu wa kujibu, tena siku hiyohiyo. Kisanduku kisichosomwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Barua hii ina mipaka yake. Haiwezi kuokoa chungu kilichopasukia njiani, na mteja mwenye jiko la umeme la sumaku alipaswa kuambiwa kabla hajalipa kwamba chungu cha udongo hakipati moto pale. Hayo ni ya ukurasa wa bidhaa na ya ufungaji wa mzigo.

Utajuaje kama inafanya kazi? Usihesabu waliofungua, kwa sababu tangu 2021 simu za Apple zinaweza kuonyesha barua imefunguliwa hata kama hakuna aliyeisoma. Hesabu majibu, na hesabu malalamiko ya nyufa mwezi kabla na mwezi baada. Swali lilelile likirudi kutoka kwa wateja watatu, liingize jibu lake kwenye barua, kisha futa sentensi nyingine moja ili barua isirefuke.