Mkopo wa nyumba na hesabu zake

Mkopo wa nyumba, au rehani, ni mkopo ambao dhamana yake ni nyumba yenyewe: mnunuzi akishindwa kulipa, benki ina haki ya kuiuza. Kwa sababu hiyo benki haitoi bei yote. Nchini Kenya mnunuzi mara nyingi hutakiwa kutoa mwenyewe asilimia 10 au zaidi, na hayo ndiyo malipo ya awali.

Hesabu huharibika kwenye uthamini. Kabla ya kukopesha, benki humtaka mthamini aliyesajiliwa aikague nyumba na kukadiria thamani yake, kisha hukopesha kwa kufuata thamani au bei ya mauziano, ile iliyo ndogo. Tuseme nyumba inauzwa shilingi 6,000,000 na mnunuzi ameweka akiba ya 600,000. Mthamini akisema nyumba ni ya 5,500,000, benki inayotoa asilimia 90 itatoa 4,950,000 tu. Muuzaji bado anadai milioni sita zake, kwa hiyo mnunuzi sasa anahitaji 1,050,000 mkononi. Asiyekuwa nazo hana budi kuomba apunguziwe bei au aachane na nyumba hiyo, na ni heri ajue hayo kabla ya kutia saini mkataba wa mauziano.

Mkopo huo wa 4,950,000 ukilipwa kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14, marejesho ni kama 61,550 kwa mwezi. Katika mwezi wa kwanza 57,750 ni riba. Deni lenyewe hupungua kwa 3,800 hivi.

Riba isiyobadilika huacha marejesho yalivyo, ingawa mikataba mingine huibana kwa miaka michache ya mwanzo tu. Riba inayobadilika hufuata soko. Kati ya Mei 2022 na Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7 hadi 13. Riba ya mkopo wa mfano wetu ikifika asilimia 17 mapema, marejesho hupanda hadi kama 72,600. Kuongeza miaka ili mkopaji aendelee kulipa kiasi cha zamani hakusaidii hapo, kwani riba peke yake imeshapita 70,000 na deni litazidi kukua.

Gharama nyingine hulipwa kabla ya funguo kutolewa. Iliyo kubwa ni ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mijini na 2 mashambani. Kwa nyumba ya mjini ya milioni sita ni 240,000. Kuna pia ada ya mthamini, ya mawakili na ya benki ya kuandaa mkopo, ambazo kwa kawaida hazirudishwi hata ununuzi ukivunjika. Bima ya moto na bima ya maisha ya mkopaji huendelea hadi deni liishe.