Intaneti iko sawa, lakini kompyuta za ofisi hazionani? Angalia hapa kwanza

Umewahi kuona hii? Ofisi imebadilishiwa rauta Ijumaa jioni. Jumatatu YouTube inacheza fiti, imeili zinaingia, lakini mhasibu akijaribu kufungua folda ya ankara iliyo kwenye kompyuta ya mapokezi anapata 0x80070035, "The network path was not found". Waya zimechomekwa, folda haijafutwa. Sasa bosi anataka kumwita fundi.

Ngoja kidogo. Windows huutambua mtandao kwa rauta yake. Ukileta rauta mpya, hata ukiipa jina na paswadi ileile ya zamani, kwake huo ni mtandao mgeni, na mgeni huwekwa kwenye kundi la Public. Windows 10 kwa kawaida huuliza kama unataka kompyuta yako ionekane na zingine. Dada wa mapokezi, foleni ya wateja ikiwa mbele yake, alibonyeza No. Mhasibu alibonyeza Yes.

Ukiwa Public, ulinzi wa Windows hufunga mlango wa kuingilia: wengine hawakuoni na hawafungui faili zako. Lakini mlango wa kutokea uko wazi, ndiyo maana intaneti haisumbui. Na ndiyo maana mapokezi wanafungua folda za mhasibu bila shida, ila yeye hafungui zao. Ukiona njia inapitika upande mmoja tu hivi, shuku Public kabla ya kushuku waya.

Kuhakikisha, nenda kompyuta ya mapokezi, andika `ipconfig` uone namba yake. Tuseme ni 192.168.1.20. Kisha kwa mhasibu:

```
ping 192.168.1.20
```

Ukijibiwa "Request timed out", kuna uwezekano mkubwa mashine iko hai ila imekataa kujibu. Ikiwa ni "Destination host unreachable", hapo haipatikani kabisa, basi rudi kwenye waya.

Dawa huwekwa kwenye kompyuta yenye faili, si ile inayozitafuta. Watu wengi hukosea hapo, wanahangaika na mashine ya mhasibu siku nzima. Kwenye mapokezi fungua Settings, Network & internet, Ethernet, kisha uchague Private network. Kama wewe ni mtu wa kuandika amri, fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private
```

Hakuna haja ya kuizima na kuiwasha. Ikiwa sasa inakuomba jina na paswadi, furahi: mlango umefunguka, kilichobaki ni akaunti.

Tafadhali usizime Firewall yote, hata kama binamu yako amekuambia ndiyo njia ya mkato. Na ile laptopu unayobeba hadi kwenye mkahawa wenye waifai ya bure, huko iache Public. Windows hukumbuka kila mtandao kivyake, kwa hivyo ukirudi ofisini utaikuta bado Private.