Kupiga picha ya skrini kwenye laptopu isiyo na kitufe cha PrtSc

Laptopu nyembamba hazina nafasi ya vitufe vyote vya kibodi ya mezani, na PrtSc ni kati ya vinavyoondolewa mapema. Mara nyingi kazi yake huwa imehamishiwa kwenye kitufe kingine. Tazama maandishi madogo: baadhi ya HP huyaweka kwenye Shift ya kulia, na hapo unashikilia Fn kisha unabonyeza Shift hiyo. Usipoyaona popote, jaribu Fn + Windows + Space, ambayo Microsoft inaipendekeza kwa mashine zisizo na PrtSc.

Fn si kama Ctrl au Alt. Kwa kawaida kibodi yenyewe ndiyo inayoishughulikia, na Windows hupokea tu taarifa kwamba PrtSc imebonyezwa. Ndiyo maana programu za kubadili kazi za vitufe mara nyingi haziioni Fn kabisa.

Linalowasumbua wengi ni ukimya. Unabonyeza, skrini haitingishiki, unadhani imeshindikana, kumbe picha imekaa kwenye ubao wa kunakili. Fungua Paint, bonyeza Ctrl + V. Ikitokea, mchanganyiko wako ni sahihi. Ukinakili kitu kingine kabla ya kuibandika, nafasi yake inachukuliwa. Kwa Windows 11 ya sasa, PrtSc huenda ikafungua kifaa cha kukata picha badala yake.

Binafsi ningekushauri uzoee Windows + Shift + S. Haihitaji Fn wala PrtSc, na unachagua kipande unachokitaka tu.