Ushuhuda wa Agosti, mgeni wa Machi

Chukua kambi ndogo ya mahema pale Robanda, karibu na lango la Ikoma, wilayani Serengeti. Ni mfano tu, lakini kambi za namna hiyo zipo. Mgeni wa Agosti amemwandikia mwenye kambi: "Tuliona maelfu ya nyumbu wakivuka Mto Mara. Sitasahau." Mwenye kambi anayachapa maneno hayo kwenye kipeperushi chake, bila mwezi wala mwaka.

Hakuna neno la uongo hapo. Ila nyumbu huvuka Mto Mara kaskazini, pande za Kogatende na Lamai, kati ya Julai na Oktoba hivi. Januari hadi Machi wengi wao wako kusini, tambarare za Ndutu, wakizaa. Mgeni anayesoma kipeperushi na kufika Machi ataukuta mto upo na nyumbu hawapo, na atakuwa na haki ya kusema amedanganywa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na maneno ya kweli yakiwekwa pasipo mahali pake nayo hupotosha.

Dawa yake ni nyepesi: "Agosti 2024, siku tatu, pamoja na safari ya Kogatende." Msomaji akijua mtu alikuja lini na alilipia nini, atapima mwenyewe. Tena nyumbu si kazi ya kambi. Mwenye kambi anajivunia chakula, maji ya kuoga na dereva anayefika kwa wakati, kwa hiyo ushuhuda wa kumfaa ni unaozungumzia hayo.

Mgeni hatayazungumzia asipoulizwa. Ukimwuliza "Umefurahi?" atajibu "Sana, asante," na hapo hujapata kitu. Ukimwuliza wakati analipa, dereva akiwa kando anangoja bahshishi, utapata adabu tu. Mwache afike kwake, apumzike siku mbili, ndipo umtumie ujumbe kwa WhatsApp. Kwa mama mtu mzima aliyetoka Mwanza na wanawe, ungeweza kusomeka hivi:

"Shikamoo mama. Tunatumaini mlifika salama. Tungependa kusikia mlivyotuona: kipi kiliwafaa, na kipi kiliwasumbua? Sentensi mbili tatu zinatosha. Tukitaka kuwaonyesha wageni wengine maneno yako, tutakuomba ruhusa kwanza. Kama huna nafasi, hakuna neno."

Swali la "kipi kiliwasumbua" ndilo linalobeba ujumbe wote. Linamwonyesha mama kwamba husubiri sifa, na mtu asiyesukumwa kusifu husifu kwa kutaja vitu: uji wa watoto uliokuwa tayari alfajiri, dereva aliyesimama kila walipoomba. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha mwache. Na ujumbe huo uende kwa kila mgeni, hata yule aliyenung'unikia maji ya baridi. Ukiwauliza waliocheka peke yao, umeshachagua jibu kabla ya kuuliza.

Punguzo la bei kwa atakayesifu liache kabisa. Tripadvisor hairuhusu kumpa mteja chochote ili aandike maoni, na hata kwenye kipeperushi chako mwenyewe, aliyelala bure anapaswa kutajwa kwamba alilala bure.

Mama akijibu: "Chakula kizuri sana, ila asubuhi maji ya moto yalikosekana," usichape "Chakula kizuri sana" ukaishia hapo. Kufupisha si kosa, kosa ni kukata kipande kinachogeuza maana. Chapa yote, na chini yake uandike ulichofanya kuhusu maji, kama kweli umefanya. Ujumbe wake wa asili uhifadhi, atakayetilia shaka aonyeshwe, mama akiridhia.

Halafu jina. Ruhusa ya kuchapa maneno ni moja, ya jina ni nyingine, ya picha ni nyingine tena, na za watoto zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa mambo haya, kwa hiyo iombe ruhusa kwa maandishi, na mtu akibadili nia umwondoe. Asiyetaka jina, andika "mama wa watoto wawili, Mwanza". Na si kambi peke yake; fundi cherehani wa Tarime naye ana shida yake hapa: ushuhuda wa "Chacha, Tarime" hauna mwenyewe, maana ukiita Chacha sokoni watageuka watu kumi. Afadhali aandike kilichoshonwa na mwezi wenyewe, "sare za kwaya, Desemba", kuliko jina lisilomtambulisha mtu.

Ushuhuda nao huisha muda. Mpishi aliyesifiwa akihamia hoteli ya Mugumu, sifa za mapishi yake zishuke siku hiyo hiyo, hata kama ndizo zilizokuwa zikileta wageni.