Umelipa, Deni Bado Lipo

Mjomba ana duka Katoro, Geita. Machi alilipa awamu ya kodi ya mapato, 125,000/=; Mei akaletewa notisi: deni lote, na riba juu. Meseji ya benki anayo!

Nilianza na kontro namba, maana ndiyo inayoielekeza pesa kwenye aina ya kodi na kipindi. Kumbe ilitolewa kwa kodi ya zuio ya pango. Pesa imeingia, ila imekaa chumba kingine.

Hakulipa tena. Aliandika barua kuomba malipo yahamishwe yakiwa na tarehe ileile ya Machi, akaambatisha risiti. Tarehe ndiyo kiini, maana riba hujumlishwa kila mwezi, riba juu ya riba. Pingamizi nalo lina siku 30 tu.