Bolti ya 14 ni Ipi? Namna ya Kuitambua kwa Picha

Ukifika Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ukaomba bolti ya 14, muuzaji atakuelewa. Lakini atakuwa ameelewa jambo moja tu, nalo ni ukubwa wa spana. Mafundi wetu wamezoea kuiita bolti kwa namba ya spana inayoishika, na gereji desturi hiyo haina tabu kwa sababu bolti yenyewe ipo mkononi. Tabu huanza pale mtu aliyeko Singida anapoipiga picha bolti iliyochakaa na kumtumia ndugu yake mjini amtafutie nyingine. Namba 14 haisemi mwili wa bolti una unene gani, meno yake yameachana kiasi gani, wala chuma chake kinahimili nini. Picha nzuri inaweza kuyasema yote matatu.

Tuchukue bolti ya kawaida ya gari la Kijapani, kwa kuwa ndiyo inayosumbua watu wengi. Piga picha ya kwanza ukiwa juu ya kichwa, simu ikielekea sawasawa na uso wake. Kichwa ni cha pembe sita, na juu yake imechorwa namba 7. Ya pili ipige kwa ubavu, ili mwili wote na meno yake vionekane. Picha hii ya pili ndiyo inayoharibiwa na wengi.

Watu huisogeza simu karibu kabisa wakidhani ndiyo wataona vizuri. Bolti ikilala mezani, kichwa huinua mwili wake, na rula iliyolala chini inakuwa mbali zaidi na kamera kuliko bolti. Tofauti ya milimita 7 ni ndogo, lakini simu ikiwa sentimita 10 tu juu yake, bolti itaonekana kubwa kuliko ilivyo kwa karibu asilimia 7. Rudisha simu nyuma hadi sentimita 40 hivi, kisha vuta picha kwa zumu, na kosa hilo litashuka chini ya asilimia 2. Weka kadibodi chini ya ncha ya bolti ili isilale kwa mshazari, na uinue rula mpaka ilingane na katikati ya mwili. Mwanga utoke pembeni, si juu, ili kila jino liwe na kivuli chake.

Sasa hesabu meno. Usipime jino moja, kwa sababu tofauti unayoitafuta ni robo ya milimita na hakuna jicho linaloiona. Pima nafasi kumi kwa pamoja. Angalia hapa: nafasi kumi zinataka ncha kumi na moja za meno, maana unaanza kwenye ncha ya kwanza kabla hujahesabu nafasi yoyote. Anayehesabu ncha kumi amepima nafasi tisa, na jibu lake litakuwa fupi kwa sehemu moja ya kumi.

Tuseme kwenye kioo cha simu nafasi hizo kumi zina urefu wa milimita 30.5, na unene wa mwili pale penye meno ni milimita 24. Hivi si vipimo halisi, kwani picha imekuzwa. Lakini gawanya cha kwanza kwa cha pili, upate 1.27. Uwiano huo haujali picha imekuzwa kiasi gani, na ndiyo maana mimi huuamini kuliko rula. Bolti ya milimita 10 inayouzwa kwa wingi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ina meno yaliyoachana milimita 1.5, kwa hiyo uwiano wake ungekuwa 1.5 au zaidi kidogo. Bolti ya inchi yenye unene wa karibu na huo, ile ya 3/8 yenye meno 16 kwa kila inchi, ingetoa 1.67. Yetu ni 1.27, kwa hiyo zote mbili zimeondoka. Inalingana na milimita 10 yenye meno ya 1.25, ambayo kwa nadharia ni 1.25 kamili, ila mwili halisi daima hupungua kidogo chini ya 10, hivyo uwiano hupanda kidogo.

Hata hivyo uwiano una udhaifu wake. Bolti ya milimita 12 yenye meno ya 1.5 nayo hutoa 1.25, na ya milimita 8 yenye meno ya 1 vilevile. Hapo sasa ndipo rula inapofanya kazi. Kutoka 10 hadi 12 ni tofauti ya asilimia 20, na hata rula iliyowekwa ovyo haiwezi kukosea kiasi hicho. Uwiano unachambua meno, rula inachambua unene, na kila kimoja kinafunika kosa la mwenzake. Bolti yetu ni M10 x 1.25.

Kichwa kinathibitisha. Kwenye magari ya Kijapani bolti ya milimita 8 kwa kawaida hushikwa na spana 12, na ya milimita 10 hushikwa na 14. Za dukani zenye milimita 10 hutaka spana 17, au 16 kwa zile za viwango vipya. Kwa hiyo bolti ya 14 kutoka kwenye Toyota na bolti ya 17 kutoka dukani zinaweza kuwa na unene uleule huku meno yakikataana. Ukiijaribu ya dukani kwenye tundu la meno ya 1.25, itaingia mzunguko mmoja au miwili kwa vidole kisha ikwame. Fundi akiiongezea mpini mrefu, na tundu likiwa kwenye aluminiamu, meno ya ndani yatachanika, na kazi ya dakika tano itageuka kuwa ya kuchonga tundu upya.

Inabaki ile namba 7. Bolti nyingi za milimita huandikwa namba mbili zenye nukta, kama 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika, kwa newtoni kwa kila milimita ya mraba. Hivyo 8.8 ni newtoni 800, sawa na uzito wa kilo 80 hivi ukining'inia kwenye kila milimita ya mraba ya chuma. Namba ya pili inasema bolti itaanza kurefuka bila kurudi ikifika sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo. Namba moja peke yake, kama 7 ya Kijapani, hufuata mtindo wa zamani wa huko: kilo 70 kwa milimita ya mraba. Ukiweka 8.8 mahali pake huna wasiwasi wa nguvu. Ukiweka 4.8, nayo inapatikana tele na kwa bei ndogo, umeweka chuma kinachokatika kwenye kilo 40 na kitu. Isiyo na alama yoyote ihesabu kuwa dhaifu, usiiweke kwenye breki wala usukani.

Ukiona mistari badala ya namba, umeingia upande wa inchi, kwenye trekta za zamani na mashine za Kimarekani. Mistari mitatu inakaribia 8.8, na sita inakaribia 10.9. Hapo usithubutu kulazimisha ya milimita.

Picha haisemi kama bolti ya zamani imerefuka. Ukiipata mpya, zilaze ubavu kwa ubavu, meno yaingiane, kisha ziinue mbele ya dirisha. Meno ya pande zote mbili yakikaa sawa kwa urefu wote, zinalingana. Yakianza kupandiana kuelekea ncha, ama umbali wa meno si sawa, ama ile ya zamani imevutika.

Ujumbe wa kumtumia ndugu yako mjini basi ni huu: M10 x 1.25, urefu wa milimita 40 kutoka chini ya kichwa, nguvu 8.8, kichwa cha spana 14. Aende duka la spea za magari, kwa sababu kwenye vifaa vya ujenzi atapewa ya 1.5 yenye kichwa cha 17. Na kabla hajalipa, aombe geji ya thredi, aupachike ule ubamba ulioandikwa 1.25.