Nimonia Isiyosikia Amoksilini

Julai 1976, maveterani wa jeshi la Marekani walikutana katika hoteli moja ya Philadelphia. Wengi waliugua nimonia kali, na 29 wakafa. Januari 1977 Joseph McDade akambaini bakteria wa legionela, anayeishi kwenye mifumo ya maji na kuingia mapafuni kwa matone madogo yanayoelea hewani.

Amoksilini haimwezi, kwani hujificha ndani ya seli zetu. Maikoplazma nayo haina ukuta wa seli, na ukuta huo ndio dawa hiyo hushambulia.

Maikoplazma huanza taratibu, hasa kwa vijana: kikohozi kikavu kisichokoma, huku mgonjwa bado anatembea. Legionela hupiga kwa nguvu: homa kali, kuharisha, kuchanganyikiwa, sodiamu kushuka. Kipimo cha mkojo hujibu haraka, ila hunasa hasa kundi la 1. Kikisema hakuna, daktari asisitishe tiba kwa hilo pekee.

Kwa maikoplazma, azithromaisini kwa kawaida hutosha. Kwa legionela zote mbili hufaa, ingawa madaktari wengi huchagua levofloksasini mgonjwa anapozidiwa. Kwetu, makohozi yapimwe TB kwanza, kwa sababu levofloksasini huituliza TB kwa muda na kuchelewesha ugunduzi wake.